Mbona lazima x ≥ 0?

"Nimeirudisha nyuma mashine ya f(x) = x² − 4 nikapata √(x + 4). Mbona mwalimu anadai niandike na x ≥ 0?"

Kwa sababu mashine yako inapoteza alama ya hasi. Ingiza 3: inazidishwa kwa yenyewe, 9, inapunguzwa 4, inatoka 5. Ingiza −3, inatoka 5 ileile. Mashine ya kurudi ikipewa 5 inajumlisha 4, inachukua kipeuo cha pili cha 9, inatoa 3 tu. Aliyeingia na −3 harudishiwi chake. Kialjebra, ukiziunganisha mashine hizo mbili unapata √(x²), ambayo ni |x|, si x. Wanafunzi wangu wengi hunaswa hapo. Ungeweza kuchagua x ≤ 0, ila kinyume kingekuwa −√(x + 4). Na mashine ya kurudi yenyewe haipokei namba iliyo chini ya −4.

– Sisi tulibadilishana x na y tu, basi.

– Sawa, lakini unaishia na ±, na mashine haitoi majibu mawili.

– Yangu ni x² − 6x, naweka x ≥ 0 pia?

– Hapana, x ≥ 3. Jaribu 0 na 6 uone.