Tatuu ya muda ifuate msuli kwenye Photoshop

> "Wakuu, tatuu ya muda niliyoweka kwenye bega la mteja inaonekana kama stika. Nifanyeje ifuate msuli?"

Mkuu, anza na mkunjo mkubwa kwa mkono: Edit > Transform > Warp, vuta kingo zizunguke bega. Kichujio cha Displace, kinachosogeza pikseli kwa kusoma mwanga wa picha nyingine, hufuata mikunjo midogo tu. Kwa kipimo cha 10 husogeza wino kama pikseli 13 hivi, basi.

Sasa ramani, yaani hiyo picha ambayo Displace itaisoma. Nakili picha, iondoe rangi, ipe Gaussian Blur pikseli 4, ihifadhi kama PSD. Ukiruka ukungu huo, vinyweleo vitaichana mistari ionekane kama meno ya msumeno. Rudi kwenye tatuu, Filter > Distort > Displace, weka 10 na 10, chagua ile PSD, kisha weka tabaka la tatuu kwenye Multiply.

Kinachotukwamisha wengi ni ngozi yetu. Displace husoma mwanga, haioni umbo. Kijivu cha 128, katikati ya cheusi 0 na cheupe 255, hakisogezi kitu; cheusi husogeza upande mmoja, cheupe upande mwingine. Hapa Iringa nilimpiga picha kijana mweusi tii, dirisha kushoto kwake. Ramani yote ilikuwa chini ya 128, tatuu nzima ikahama kuelekea kwapani bila kujikunja. Nilifungua ramani, nikatumia Levels hadi ngozi ya katikati ya bega ikawa karibu 128, nikarudia. Mstari ukazama penye mfereji wa msuli, ukapanda tena.

Kama ulipiga kwa flashi ya mbele, bega halina kivuli na ramani haina la kusoma. Hapo bakia na Warp.