Kuhifadhi au kwenda mnadani: uhakika unalipiwa lini

Wewe unayeanza kununua matangazo ya mtandaoni utaona mnada, ambako bei hubadilika kulingana na washindani, una bei nafuu, na utajiuliza kwa nini mtu ahifadhi mapema ufikiaji, yaani idadi ya watu watakaoona tangazo, kwa bei ya juu. Usiangalie wastani wa bei peke yake. Angalia inavyopanda na kushuka.

Chukua mfano wa uzinduzi ambao tarehe yake haisogezwi. Bajeti ni dola 7,200 kwa wiki tatu, walengwa ni watu milioni moja, na kila mtu asione tangazo zaidi ya mara mbili kwa wiki. Ukihifadhi, unapewa CPM, yaani bei ya tangazo kuonyeshwa mara elfu moja, ya dola 2, na haibadiliki. Hiyo ni maonyesho 3,600,000. Makadirio yanasema utafikia watu 800,000, kila mmoja mara 4.5 kwa wastani. Zingatia hapo: kikomo kinaruhusu mara sita, lakini kikomo ni dari tu, hakiahidi kwamba kila mtu atafika huko. Wageni wengi humwahidi mteja mara sita, kisha ripoti inawaumbua.

Sasa nenda mnadani, ukichagua lengo la ufikiaji na kikomo kilekile. Bila hivyo hulinganishi vitu vinavyofanana, maana mnada wenye lengo jingine unaweza kuwarudia watu walewale walio rahisi kupatikana. CPM ikiwa dola 1.50, unapata maonyesho 4,800,000, yaani 1,200,000 zaidi. Ikipanda hadi dola 3 kwa sababu washindani wengi wamejitokeza wiki hizohizo, unabaki na 2,400,000, na uzinduzi haukusubiri.

Kwa hiyo fungua ripoti za akaunti yako za msimu kama huo na uone CPM ya kila wiki. Ikiwa ilicheza kati ya 1.40 na 1.70, mimi ningeenda mnadani bila kusita. Ikiwa ilivuka 2 mara kwa mara, ile nusu dola ya ziada ni bima ya haki. Pia ningehifadhi pale mteja anapopimwa kwa idadi ya watu waliofikiwa kabla ya siku fulani, kwa sababu pengo la wiki ya pili halirudishwi wiki ya nne.

Lakini usihifadhi ukitafuta mauzo, au ukitaka kuhamisha pesa kila siku kulingana na tangazo linalofanya vizuri. Uhuru huo ndio unaouacha ukihifadhi. Walengwa wachache nao mara nyingi hawakubaliwi kabisa.

Ukishahifadhi, pandisha matangazo siku kadhaa kabla ya kuanza. Yakikataliwa kwenye ukaguzi asubuhi ya uzinduzi, saa zinazopita haziwezi kufidiwa kirahisi, maana maonyesho ya kampeni nzima yalishapangwa kwa tarehe hizo, na bei uliyofungiwa haitakusaidia.