Pasi ya mwezi, hesabu ya mwenye gari na treni isiyongoja mtu

*Nahamia Mombasa. Feri ya Likoni ina pasi ya mwezi?*

Anayevuka kwa miguu halipi hata senti. Gari ndilo hulipa.

*Mbona matatu zisituuzie tiketi ya mwezi?*

Kwa sababu ya hesabu. Dereva na kondakta hukabidhiwa gari alfajiri, na jioni mwenye gari lazima apokee kiasi walichopatana. Mafuta ni juu yao, steji ni juu yao, na kinachosalia ndicho ujira wao. Abiria mwenye pasi ni kiti kilichokaliwa bila kuingiza kitu siku hiyo, na hakuna kondakta atakayemkaribisha. Kadi za nauli zilijaribiwa mwaka 2014 zikafa. Kadi humwonyesha mwenye gari kila shilingi. Ni nani kati ya wafanyakazi wake alizitaka?

Hapo hapo ndipo ratiba hufia. Gari huondoka likijaa. Unaitwa "mmoja tu, twende," unaingia, kisha vijana watatu waliokuwa wamekaa mbele wanashuka. Hao si abiria, ni chambo. Na mvua ikianza, nauli ya asubuhi haina maana tena. Uliza bei kabla ya kupanda.

*Naishi Githurai, kazi yangu iko mjini Nairobi. Nikiuziwa pasi ya mwezi ya treni, nitaokoa?*

Usiilinganishe na nauli ya matatu kwanza. Ilinganishe na tiketi ya treni ya safari moja. Kwa mfano tu, tuseme tiketi ni 60 na pasi ni 2,200. Pasi itajilipa ukifikisha safari 37. Siku za kazi 22, kwenda na kurudi, ni safari 44. Inaonekana nzuri.

Sasa hesabu jioni zako. Treni huingiza watu mjini asubuhi na kuwatoa jioni, kwa saa maalumu. Bosi akikuzuia mara mbili kwa wiki, utapoteza safari tisa hivi kwa mwezi. Umebaki na 35, na jioni hizo tisa umelipa matatu tena juu ya pasi. Hapo nunua tiketi moja moja. Tena stesheni iko Haile Selassie. Kama ofisi ni Westlands, ongeza gari la pili, kwenda na kurudi.

*BRT ya Thika Road itaanza lini?*

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Tarehe za wanasiasa sizitangazi hapa. Vituo mnaviona wenyewe katikati ya barabara. Dar es Salaam, BRT yao, Mwendokasi, ilianza 2016, na abiria hulipa kituoni kabla hajapanda. Hicho ndicho cha kudai hapa, kuliko rangi ya basi: dereva asiyeshika pesa hana sababu ya kungoja lijae.

*Treni iliniacha kwa dakika mbili. Nidai pesa zangu?*

Wewe ndiwe uliyechelewa.