Neno gani fupi nimwambie binti yangu kabla ya mtihani?

Swali: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe. Tunaishi Mbagala, na binti yangu anakaribia mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Kwenye mtihani wa moko mikono ilimtetemeka mpaka akasahau alichokisoma. Wifi yangu amenitumia ujumbe unaosema kwamba asome "Yaa Latwiif" mara 129 kabla ya kila karatasi na hatafeli kamwe, kisha niusambaze kwa watu kumi. Baba yake anasema huo ni uzushi, nimwambie tu asituaibishe. Mimi nimwambie neno gani?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Ujumbe huo wa mara 129 umenifikia hata mimi, na kila msimu wa mitihani waumini wa msikiti wetu huniletea simu zao niusome, basi nitaanza nao kabla ya kufika kwa binti yako.

Latwiif ni jina la Mwenyezi Mungu, na katika Suratu Shuuraa, aya ya 19, tunasoma kuwa Yeye ni mpole kwa waja wake. Kumwita kwa jina hilo ni ibada njema. Idadi hiyo ya 129 imetokana na hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu hupewa thamani yake: laam ni 30, twaa ni 9, yaa ni 10 na faa ni 80, jumla yake 129. Wapo masheikh wenye kuifanya idadi hiyo kuwa wiridi wao majumbani, na mjadala wa wanazuoni juu ya jambo hilo ni mrefu, nami sikusudii kuufungua hapa. Ninachokikataa ni yale maneno mawili, "hatafeli kamwe". Aliyeyaandika amemdhamini Mwenyezi Mungu kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuliahidi, na Qur'ani katika Suratul A'raaf, aya ya 33, imelitaja jambo la kumsemea Mwenyezi Mungu bila ya elimu pamoja na machafu na ushirikina. Hata ile amri ya kuusambaza kwa watu kumi haina asili katika dini yetu; inauhudumia ujumbe wenyewe, wala haimhudumii mtoto.

Zaidi ya hukumu, tazama ujumbe huo unamfanya nini msichana mwenye hofu. Amefika shuleni kabla ya saa 2 asubuhi, wenzake wamepanga foleni ya kukaguliwa, naye yuko kwenye 80 au 90, mara msimamizi anamwuliza namba yake ya mtahiniwa na hesabu inampotea. Sasa ana hofu mbili: ya karatasi, na ya kuwa wiridi wake umeharibika. Akipata swali gumu, atadhani alikosea kuhesabu. Na matokeo yakija mabaya baada ya kutimiza zote 129, tutamwambia nini kuhusu Mola wake? Wanaosambaza ujumbe huu hawapo nyumbani siku hiyo. Mama ndiye anayebaki na mtoto aliyeamini kwamba Mungu ameivunja ahadi ambayo hakuitoa.

Neno la baba yake nalo lina kasoro, ingawa sina shaka kwamba limetoka kwa mzazi mwenye uchungu na mwanawe. "Usituaibishe" ni deni. Mtoto ataingia chumbani akiwa amebeba heshima ya nyumba nzima, ilhali mikono inayotetemeka haihitaji kuongezewa mzigo. Tena limefungwa kwenye matokeo, kama ule ujumbe wa wifi yako: mmoja unaahidi kufaulu na mwingine unatishia kufeli, na yote mawili yako nje ya uwezo wa mtoto pindi karatasi inapogawiwa.

Neno linalomfaa ni lile lililo kweli hata kama atafaulu au hatafaulu, analolielewa maana yake, na fupi kiasi kwamba hahitaji kuliandika popote. Jambo hili la mwisho usilidharau: asiingie na kijikaratasi cha dua wala asiandike kitu kiganjani, kwani kwa msimamizi maandishi yoyote yasiyoruhusiwa ni shaka ya udanganyifu, na matokeo huweza kufutwa.

Mimi ningemchagulia dua ya Nabii Musa, amani iwe juu yake, katika Suratu Twaahaa, aya ya 25 na 26: "Rabbi shrah lii swadrii, wa yassir lii amrii", Mola wangu, nikunjulie kifua changu na unifanyie jepesi jambo langu. Nimeichagua kwa sababu Musa aliyaomba haya alipoamriwa kumkabili Firauni, na katika Suratu Shu'araa, aya ya 13, anaeleza kwa ulimi wake mwenyewe kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake haukunjuki. Ndiyo hali ya binti yako, kifua kubana na kilichomo moyoni kukataa kutoka. Mweleze kisa hiki mapema, jioni moja kabla ya wiki ya mitihani, ili ajue kwamba hofu yake si upungufu wa imani, kwa kuwa imempata Mtume wa Mwenyezi Mungu. Huenda mtu akasema kwamba Musa aliambiwa papo hapo kuwa ombi lake limekubaliwa. Ni kweli, lakini aliambiwa kwa wahyi. Sisi tunaomba kama alivyoomba, na jibu tunamwachia Mwenyewe.

Aisome mara moja, taratibu, akiwa amekwisha kaa na kabla ya kufungua karatasi, avute pumzi, kisha aanze na swali analolijua hata kama ni la saba. Mikono ikianza tena kutetemeka katikati, aweke kalamu chini, airudie mara moja, aendelee.

Nawe mlangoni mwambie kwa Kiswahili: "Nenda mwanangu, Mungu yu pamoja nawe, andika unachokijua." Baba yake asihofu kwamba hili nalo ni uzushi. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuamini mikosi na akasema kwamba anapendezwa na fa'l, nayo ni neno jema. Na katika Tirmidhi, kutoka kwa Anas pia, alikuwa akitoka kwa haja yake hupendezwa kusikia mtu akiitwa "Yaa Raashid, yaa Najiih", yaani ewe mwenye kuongoka, ewe mwenye kufaulu. Huko ni kutakiana heri, wala si kutabiri ghaibu. Baba akimwita hivyo asubuhi badala ya lile neno la aibu, atakuwa amefuata jambo lililompendeza Mtume.

Akirudi analia kwamba amekosea swali la hisabati, msiipitie karatasi hiyo usiku, maana kesho ana nyingine. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Muslim tumeamriwa kufanya pupa ya linalotufaa na kumwomba Mwenyezi Mungu msaada, na likitupata jambo tusiseme "lau ningefanya kadhaa", bali tuseme "Qaddarallaahu wa maa shaa'a fa'al", Mwenyezi Mungu amekadiria, na alilolitaka amelifanya.

Na wifi yako usigombane naye. Ujumbe usiusambaze, lakini mwambie kwamba, kama anampenda mtoto wa kaka yake, amwombee yeye mwenyewe huko nyumbani kwake kwa jina hilo hilo la Latwiif, bila ya kudhamini chochote, kwa kuwa katika Muslim, kutoka kwa Abu Dardaa, dua ya Muislamu kwa ndugu yake asiyekuwepo mbele yake hujibiwa, na malaika humwitikia: "Amina, nawe upate mfano wake."