Intigrali ya 1/(x^4+1): kwa nini residyu zote nne zinaleta sifuri

*"Wakuu, naombeni msaada. Natafuta intigrali ya 1/(x^4+1) toka hasi infiniti hadi chanya infiniti kwa njia ya residyu. Nimepata ncha nne, nimejumlisha residyu zote, jibu linakuja 0. Lakini fanksheni yenyewe ni chanya kila mahali! Nakwama wapi?"*

Mkuu, residyu zako ziko sawa, na hiyo sifuri nayo ni sahihi. Ila ni jibu la intigrali nyingine. Nimefundisha tuisheni ya hesabu kwa wanachuo hapa Dar, wengi wao wa Sinza na Ubungo, na sifuri hii naikuta kwenye madaftari yao mara kwa mara. Ukifungua daftari unakuta ncha nne zimechorwa vizuri juu ya duara la nusu kipenyo 1, residyu zimepigwa bila kosa, ila hakuna kontua hata moja iliyochorwa. Hapo ndipo kwenye tatizo. Kanuni ya residyu ya Cauchy inahusu njia iliyofungwa. Usipochora njia, huwezi kujua ni ncha zipi ziko ndani yake.

Chora hivi. Anzia -R kwenye mhimili wa x, nenda moja kwa moja hadi R, kisha rudi kwa tao la nusu duara linalopita juu mpaka -R. Umezunguka kinyume cha mwendo wa saa, na ukichukua R kubwa kuliko 1, ndani kuna ncha mbili tu, zile zilizo juu ya mhimili:

```
z1 = e^(iπ/4)  = ( 1 + i)/√2
z2 = e^(3iπ/4) = (-1 + i)/√2
```

Zile mbili za chini ziko nje ya uzio, kwa hiyo hazihesabiwi.

Residyu zenyewe usizitafute kwa kugawanya vipande vipande, utachoka bure. Ncha zote ni za daraja la kwanza, na kiasi ni 1, hivyo residyu ni 1 gawanya kwa derivativu ya asili, yaani 1/(4z^3). Zidisha juu na chini kwa z, unapata z/(4z^4). Lakini kwenye kila ncha z^4 = -1, kwa hiyo residyu ni -z/4 tu. Sasa jumlisha mbili za juu:

```
-(z1 + z2)/4 = -(i√2)/4
2πi · (-(i√2)/4) = π√2/2 = π/√2 ≈ 2.2214
```

Hiyo ndiyo thamani ya njia nzima, mstari pamoja na tao. Wewe unataka mstari peke yake, kwa hiyo lazima uthibitishe kwamba tao halina mchango R inapokwenda infiniti. Wengi huandika "tao linakwenda sifuri" na kuendelea, na msahihishaji makini atakukata alama hapo, tena kwa haki.

Sababu yake ni hii. Juu ya tao |z| = R, hivyo |z^4 + 1| haiwezi kuwa chini ya R^4 - 1. Fanksheni basi haizidi 1/(R^4 - 1). Urefu wa tao ni πR. Mchango wote wa tao hauwezi kuzidi urefu mara ukubwa huo:

```
πR / (R^4 - 1)
```

Jaribu R = 10: juu unapata 31.4, chini 9999, kwa hiyo tao zima halifiki hata 0.0032. Kadiri R inavyokua ndivyo linavyozidi kufifia. Kumbuka kwamba tao lenyewe linarefuka, na hapa ndipo watu hujichanganya. Haitoshi fanksheni kuwa ndogo kule mbali. Lazima ipungue kwa kasi kuliko tao linavyorefuka. Kwa fanksheni ya polinomia juu ya polinomia, maana yake ni kwamba digrii ya asili lazima iizidi ya kiasi kwa 2 au zaidi. Hapa imezidi kwa 4, hatuna wasiwasi.

Sasa turudi kwenye sifuri yako. Kujumlisha residyu zote nne ni sawa na kuzunguka duara zima la nusu kipenyo R. Duara hilo halipiti kwenye mhimili wa x, linaukata sehemu mbili tu, kwa hiyo intigrali unayoitafuta haimo kabisa. Na kwa makadirio yaleyale, intigrali ya duara hilo haizidi 2πR/(R^4 - 1). Ila thamani yake haibadiliki ukiongeza R, maana ncha zilizo ndani ni zilezile nne. Kitu kisichobadilika, na wakati huohuo kinasogea kwenye sifuri, hakina budi kuwa sifuri kamili. Kwa hiyo usiitupe hiyo sifuri, itumie kukagua kazi yako: asili ikizidi kwa 2 au zaidi, residyu zote kwa pamoja lazima zijumlike kuwa 0. Zisipojumlika hivyo, kuna residyu umekosea.

Ukipenda kufunga kwa chini, ruksa. Unapata ncha mbili za chini, jumla ya residyu zake ni (i√2)/4, lakini sasa umezunguka kwa mwendo wa saa, kwa hiyo unazidisha kwa -2πi. Jibu ni lilelile π/√2. Ukisahau hiyo hasi utapata -π/√2, na kwa fanksheni iliyo chanya kila mahali utajua papo hapo kwamba umepotea.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi wapate makadirio kwa mkono kabla hawajagusa residyu. Kati ya -1 na 1 fanksheni haishuki chini ya 1/2 wala haizidi 1, kwa hiyo kipande hicho kiko kati ya 1 na 2. Nje ya hapo iko chini ya 1/x^4, na mikia yote miwili kwa pamoja haifiki 2/3. Jibu lazima liwe kati ya 1 na 2.67. Yetu ni 2.22, inakaa humo.

Tahadhari moja kabla hujaenda kwenye maswali mengine. Chukua x/(x^2+1), ambapo asili inazidi kwa 1 tu. Ncha ya juu ni i, residyu yake ni 1/2, na 2πi mara 1/2 ni πi. Intigrali ya fanksheni halisi inatoaje jibu lenye i? Haitoi. Kule mbali fanksheni hii inafanana na 1/z, na 1/z juu ya nusu duara inatoa πi hata R iwe kubwa namna gani. Tao limebeba πi yote. Mstari toka -R hadi R ni 0, kama unavyotegemea kwa fanksheni witiri, lakini kila upande peke yake unatawanyika, kwa hiyo 0 hiyo inapatikana tu kwa kuikata pande zote mbili sawasawa. Ukiona i imebaki kwenye jibu la mwisho, kama residyu zako ziko sawa, rudi ukague tao.

Na kama kwenye karatasi yako kuna 1/(x^4-1), hiyo usiiguse kwa njia hii. Ina ncha kwenye 1 na -1, juu ya mstari wenyewe unaopita, na intigrali ya kawaida haipo kabisa pale.