Barua kwa Mwanangu Kuhusu Riba Iliyopanda

«Baba, Benki Kuu imepandisha riba kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 12.5. Gazeti linasema imepanda kwa asilimia 2, mwenzangu kazini anasema ni asilimia 19. Nani amekosea?»

Mwanangu mpenzi,

Mwenzako amepiga hesabu sawasawa, kwa sababu 2 ukiigawanya kwa 10.5 unapata takriban asilimia 19. Gazeti nalo lilikuwa na jambo la kweli, ila lililisema vibaya: riba imepanda kwa pointi 2 za asilimia. Ingekuwa imepanda kwa asilimia 2 kama neno lilivyo, leo ingesimama kwenye 10.71. Hata hivyo, mimi ningeuliza kwanza ni nani anayenufaika msomaji anapoishika namba ndogo, na hapo unajua ninakoelekea.

Unaukumbuka mkopo tulioezekea nyumba. Katika mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo, mwenyekiti alisimama akatangaza kuwa riba ya mwaka, iliyokuwa asilimia 12, ingeongezeka «kwa asilimia 3 tu». Mfanyabiashara aliyeketi karibu nami akatoa simu yake akapiga hesabu. Deni lake lilikuwa shilingi 300,000, na riba ya mwaka mzima kwa deni hilo ni 36,000. Akatafuta asilimia 3 ya hizo 36,000, akapata 1,080, akatabasamu. Sikuweza kunyamaza. Nilinyoosha mkono nikauliza: asilimia 3 ya nini? Ikiwa riba inatoka 12 kwenda 15, basi riba ya deni hilo inafika 45,000, na nyongeza ni 9,000, yaani robo nzima ya ile ya awali. Mwenyekiti akajibu kwamba mwalimu ameanza kututungia mtihani, ukumbi ukacheka, na hoja ikapita kwa kura. Mama yako naye alinyoosha mkono kuiunga mkono. Hilo tumeshalizungumza, wala sina haja ya kulirudia.

Nimelitafakari sana tangu siku ile, na lazima nikiri kwamba mwenyekiti alikuwa na utetezi ambao hakuutumia. Mwanachama halipi riba peke yake, hulipa marejesho ya kila mwezi, na ndani yake mna sehemu ya deni lenyewe, ambalo hupungua kadiri linavyolipwa. Kwa deni la 300,000 linalolipwa kwa miezi 36, marejesho ya mwezi kwa riba ya 12 ni kama shilingi 9,964, na kwa riba ya 15 ni kama 10,400. Mfuko wa yule mfanyabiashara, basi, ungeguswa kwa asilimia 4 na kitu, na ile asilimia 25 niliyoitangaza kwa sauti asingeiona kwenye hati yake ya malipo. Lakini ngoja kidogo: mkopo huohuo ukilipwa kwa miaka 15, marejesho yanapanda kwa karibu asilimia 17, kwa kuwa katika mkopo mrefu sehemu kubwa ya kila malipo ni riba. Kwa hiyo ongezeko ni lilelile moja, nalo linaweza kuitwa pointi 3, asilimia 25, asilimia 4 au asilimia 17, na kila jina lina ukweli wake ukishajua ni asilimia ya nini. Jina pekee lisilo na ukweli wowote ni lile alilolitumia mwenyekiti.

Tena jihadhari na safari ya kurudi. Riba ikishuka kutoka 15 hadi 12, pointi ni 3 zilezile, lakini sasa ni punguzo la asilimia 20, kwa sababu tunagawanya kwa 15. Anayepandisha kwa pointi na kushusha kwa asilimia, au kinyume chake, anaweza kukuonyesha chochote anachotaka.

Je, mwandishi wa gazeti lako ni mdanganyifu? Ningependa sana kusema ndiyo. Ila alitaja viwango vyote viwili, 10.5 na 12.5, na anayekupa vyote viwili amekuachia nafasi ya kumsahihisha. Mwenyekiti wetu naye alizoea kusema hivyo kama watu wote wanavyosema, labda. Mama yako anasisitiza hiyo «labda», nami nimeiandika kwa shingo upande.

Kuhusu mkopo wako wa gari: riba ya Benki Kuu si riba yako, na benki yako yaweza kuongeza pointi chache kuliko hizo mbili, au isiongeze kabisa. Barua yao ikija na namba moja tu ya ongezeko, waandikie wakutajie riba ya zamani, riba mpya, salio la deni na miezi iliyobaki. Nitumie hayo manne, nikupigie hesabu ya marejesho kabla ya tarehe ya makato.

Baba yako