Maswali na Majibu: Notisi ya Mwisho kwa Mpangaji Asiyelipa

Nina ploti Nakuru. Mpangaji mmoja ana deni la miezi kadhaa, nimemkumbusha mara tatu na hatuna mkataba wa maandishi. Nataka kumpa barua ya mwisho ya kuhama. Niiandike vipi? (Mama mwenye ploti)

Mama, kukosa mkataba wa maandishi hakukufungi mikono. Kwa kuwa kodi yake ni ya kila mwezi, sheria inamhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinasema upangaji wa namna hiyo unakatishwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, na notisi hiyo lazima iishe katika siku ambayo kodi hulipwa.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowaponyoka wengi. Tuseme kodi yako hulipwa tarehe 1 na unampa barua tarehe 9 Juni. Mwezi mmoja unatimia tarehe 9 Julai, lakini hiyo si siku ya kodi, kwa hiyo notisi itaisha tarehe 1 Agosti. Ungempa kabla ya Juni kuanza, ingeisha tarehe 1 Julai. Ukiandika "uhame ifikapo tarehe 9 Julai", wakili wake ataishika tarehe hiyo na barua nzima itaanguka, hata kama deni ni la kweli.

Jambo jingine la kuamua kabla ya kushika kalamu: je, akilipa deni lote utamwacha abaki? Barua nyingi husema "lipa au uhame", kisha mpangaji analipa nusu na kila mtu anaelewa lake. Amua, uandike wazi. Huu hapa mfano wa kodi ya Sh18,000, ambapo mpangaji alilipa Sh12,000 za Machi na hajalipa kitu tangu hapo:

> Tarehe 9 Juni 2025
>
> Kwa mpangaji wa nyumba nambari 4
>
> KUH: NOTISI YA MWISHO YA KUHAMA
>
> Unaishi katika nyumba hii kwa kodi ya Sh18,000 kwa mwezi, inayolipwa tarehe 1. Kufikia leo unadaiwa Sh60,000: Sh6,000 zilizobaki za Machi, na Sh18,000 kwa kila mwezi wa Aprili, Mei na Juni.
>
> Nilikukumbusha kwa ujumbe wa simu tarehe 14 Aprili, na kwa barua tarehe 6 Mei na tarehe 26 Mei.
>
> Kwa notisi hii, upangaji wako utakoma tarehe 1 Agosti 2025. Siku hiyo uwe umehama na kunikabidhi funguo. Kodi ya Julai itaendelea kudaiwa.
>
> Ukilipa deni lote pamoja na kodi ya Julai kufikia tarehe 15 Julai, nitaiondoa notisi hii kwa maandishi. Malipo ya sehemu yatapunguza deni tu, hayataiondoa notisi.
>
> Usipohama, nitaiomba mahakama itoe amri ya kukuondoa na kukuagiza ulipe deni na gharama za kesi.
>
> (Jina na sahihi ya mwenye nyumba)

Hakuna tusi humo, wala kisa cha jinsi alivyokudanganya, wala tishio la kumwaga vyombo vyake nje. Ukali wa barua hii uko kwenye hesabu na tarehe. Hakimu akiisoma, ataona mtu aliyevumilia na anayejua anachodai. Kabla ya kuitia sahihi, linganisha kila shilingi na taarifa yako ya M-Pesa na vitabu vya risiti, kwa sababu deni lililokosewa linampa mpangaji pa kuanzia kubisha.

Baada ya kumpa notisi amenitumia elfu kumi kwa simu bila kusema ni ya nini. Nizirudishe?

Usizirudishe, lakini usinyamaze. Mjibu siku hiyo hiyo kwa maandishi: "Nimepokea Sh10,000. Nimezikata kwenye deni la zamani. Sasa unadaiwa Sh50,000, na notisi ya tarehe 9 Juni bado inasimama." Hatari iko kwenye risiti iliyoandikwa "kodi ya Agosti". Ukipokea kodi ya kipindi kinachofuata mwisho wa notisi, anaweza kudai kwamba umekubali aendelee kukaa, na utalazimika kuanza upya. Mwonye pia msimamizi wa ploti, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeandika risiti hizo bila kujua madhara yake.

Na mpangaji akikwambia "kula dipoziti", rudi kwenye makubaliano yenu. Kama dipoziti iliwekwa kwa ajili ya uharibifu na bili, hawezi kuigeuza kodi peke yake.

Amekataa kuipokea barua. Amefunga mlango na kusema hatii sahihi popote.

Sahihi yake si lazima. Nenda na mtu mzima asiye wa familia yako, mwachieni barua mlangoni, kisha shahidi aandike kwenye nakala yako tarehe, saa na yaliyosemwa, atie sahihi. Tuma nakala nyingine kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi. Picha kwa WhatsApp inasaidia kuonyesha ameiona, lakini isiwe njia pekee.

Tarehe ya mwisho imepita na bado yumo ndani. Sasa si nina haki ya kubadilisha kufuli?

Huna, na hapa ndipo mwenye nyumba mwenye haki yote hujigeuza mshtakiwa. Notisi inakatisha upangaji, haikupi ruhusa ya kumtoa mtu kwa mkono wako. Kufunga mlango, kukata maji au stima, kung'oa mabati: mpangaji akikimbilia mahakamani na picha za hayo, anaweza kupata zuio siku chache baadaye na kukudai fidia. Utajikuta unajibu kesi yake kabla yako haijasikizwa.

Njia halali ni kuomba amri mahakamani. Kama kodi ya nyumba haizidi Sh2,500 kwa mwezi, inaweza kuwa chini ya Sheria ya kudhibiti kodi, sura ya 296, na hapo unaanzia kwenye jopo la kodi za nyumba. Nyumba za kodi ya juu zaidi huenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Peleka notisi, ushahidi wa kuifikisha, na orodha ya malipo.

Televisheni yake pia usiiguse. Kukamata mali kwa deni la kodi kuna sheria yake, sura ya 293, na hufanywa na dalali mwenye leseni, anayeorodhesha vitu na kumpa mdaiwa siku 14 za kulipa kabla ya kuuza.

Wangu ana duka Mombasa, si nyumba ya kuishi. Naweza kutumia barua hiyo hiyo? (Mzee wa Kongowea)

Hapana, mzee. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na sheria ya upangaji wa maduka, sura ya 301. Notisi yake huandikwa kwenye Fomu A, inataja sababu, na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Deni la kodi ni sababu inayokubalika ikiwa ni la miezi miwili, au kama amekuwa akichelewesha kila mara. Akiipinga kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla siku haijafika, notisi haifanyi kazi hadi jopo liamue. Nenda na daftari lako la malipo, maana ndilo litakaloulizwa kwanza.